Kwa Nini Madaktari Wakae Kikao Kwanza?



Mgonjwa wa saratani akifika hospitali kubwa ya rufaa, mara nyingi huambiwa maneno kama haya: "Kesi yako inakwenda kwenye bodi. Rudi wiki ijayo." Wauguzi huita tyuma bodi, na wengine husema kikao cha saratani. Anayesema ameshazoea, ni kazi ya kila wiki. Anayesikia ndiyo mara yake ya kwanza, na moyoni hujiuliza: bodi gani tena? Mbona mimi ni mgonjwa, nimekuja kutibiwa?

Nimezaliwa Lushoto, na nilisomea udaktari Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambayo ndiyo rufaa ya mikoa ya Kaskazini pamoja na kwetu Tanga. Mwaka 2018, nikiwa mwaka wa 4, nilikuwa likizo nyumbani mwezi wa Januari. Familia moja ya jirani na shangazi yangu, huko juu upande wa Lukozi, ikanituma mtu. Mama yao ana uvimbe kwenye titi, amepelekwa KCMC, na sasa wamerudishwa nyumbani kusubiri hiyo bodi. Mgonjwa mwenyewe alitaka niende niwaeleze, na ndiye aliyeniruhusu kuyaandika haya. Nimebadilisha mambo machache ili asijulikane.

Nawaandikia nyinyi wa visiwani kwa sababu njia ni ile ile. Mgonjwa wa saratani wa Unguja au Pemba naye huvuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, na kabla ya mionzi au dawa atasikia neno hilo hilo. Afadhali tulijue kabla halijatufika.

Walichokuwa wanauliza

Nilikuta watu kama 12 ukumbini. Mama mwenyewe, umri miaka 52, mkulima wa kabichi na karoti, alikuwa ameketi kwenye mkeka, khanga imefunika bega la kushoto. Pembeni yake binti yake wa pili, ndiye aliyekuwa akimsindikiza. Kaka mtu mkubwa alikuwa ameacha kazi yake ya gari la mboga. Na mjomba, ambaye ukoo ule bila yeye hakuna kinachoamuliwa, alikaa kwenye kiti kimoja tu kilichokuwepo.

Mjomba ndiye aliyeanza. "Mwanangu, sisi tumechanga. Tumeuza ndama, tumeandaa na vijana wa kutoa damu. Tumeshuka Mombo usiku, tumefika Moshi asubuhi, ili akatwe. Wanatuambia kuna bodi. Bodi tunayoijua sisi ni Bodi ya Mikopo, ile inayowasumbua nyinyi wanafunzi. Hii yao inajadili nini? Wanataka pesa zaidi, au wameshaona hatapona wanaogopa kutuambia?"

Nilimjibu kwamba maswali yote mawili ni ya haki. Kikao hakina ada yake pembeni, na kupelekwa kikaoni si dalili kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa. Hupelekwa hata mwenye uvimbe mdogo. Nikamwambia pia kwamba mimi ni mwanafunzi: kwenye kikao hicho nakaa kiti cha nyuma, nabeba mafaili na picha, sipigi kura wala siamui. Ninachoweza ni kuwaambia nilichokiona.

Kwa nini asikatwe tu

Tulianzia hapo, kwa sababu ndipo palipouma. Uvimbe wa mama ulikuwa na upana wa kama sentimita 7. Ngozi ya juu ilikuwa imevimba na kuonyesha vitundu vidogo kama ganda la chungwa, na kwapani palikuwa na tezi zilizoshikamana, ukizisukuma haziendi. Aliugusa mara ya kwanza msimu wa mavuno uliotangulia, akidhani ni jipu.

Nikawaeleza kwamba uvimbe wa namna hiyo ukikatwa kwanza, yapo mambo matatu yanayoweza kuharibika. La kwanza, ngozi yenyewe imeshaingiliwa. Daktari wa upasuaji anaweza kukosa ngozi safi ya kufungia kidonda, au akafunga huku ameacha saratani pembezoni, nayo ikaota tena juu ya kovu baada ya miezi michache. La pili, kidonda kikubwa kisichopona huchelewesha dawa za dripu, na dawa ndizo zinazofuata chembe zilizokwisha kuingia kwenye damu. Kisu hutibu pale kinapofika tu. La tatu ndilo watu wengi hawalifikirii: uvimbe wenyewe ni kipimo. Ukiwepo, daktari anaupima kila baada ya dripu na kuona kama dawa inafanya kazi. Ukishatolewa, unampa mgonjwa dawa bila kuona chochote.

"Kwa hiyo hawatamkata?" binti aliuliza.

"Huenda watamkata, lakini si kwanza. Na hilo la kwanza na la pili ndilo wanalokaa kulijadili. Mpangilio ukikosewa, haurudi nyuma. Titi likishatoka, huwezi kulirudisha ili uanze na dawa."

Mjomba akanyamaza kidogo. Nikamuuliza: mkiuza shamba la ukoo, anauza mmoja? Akasema haiwezekani. Yupo anayejua mpaka, yupo anayejua deni lililopo juu ya shamba, yupo aliyeachiwa wosia. Nikamwambia, na hawa ni hivyo hivyo. Kila mmoja ameshika jambo ambalo mwenzake halijui, na mgonjwa ni mmoja.

Nani anakaa, na ameshika nini

Binti alichukua daftari la shule la mdogo wake akaanza kuandika. Nami nawaandikia kwa mpangilio ule ule.

Daktari wa upasuaji ndiye aliyemshika mgonjwa kwa mkono, na mara nyingi ndiye anayeleta kesi. Swali lake: je, linatoka lote, na kidonda kitafunga?

Daktari wa radiolojia anasoma picha: eksirei ya kifua, altrasaundi ya titi na ya tumbo, siti skani ikihitajika. Swali lake: ugonjwa uko wapi, na wapi haupo?

Daktari wa patholojia wagonjwa wengi hawamwoni maishani mwao. Anakaa maabara na hadubini. Kile kinyama kilichochukuliwa kwa sindano nene ndicho anachokikata vipande vyembamba, akakipaka rangi, akasema ni saratani au si saratani, na kama ni saratani, ni ya aina gani. Bila karatasi yake, kikao hakina la kuzungumza.

Daktari wa dawa za saratani anapanga dripu: dawa ipi, kiasi gani kwa uzito na urefu wa mgonjwa, mara ngapi, na kama moyo, figo na damu vitahimili. Pamoja naye yuko mfamasia, anayejua ipi iko stoo leo na ipi imekwisha.

Daktari wa mionzi anaamua kama mionzi itahitajika, wapi ipigwe, na lini. Mwaka ule wa 2018 KCMC hatukuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo wagonjwa wetu walipelekwa Ocean Road. Lakini swali la mionzi huulizwa tangu siku ya kwanza, maana hali ya uvimbe kabla ya dawa ndiyo inayoonyesha kama mionzi itahitajika mwishoni. Dawa zikishaunywesha, ushahidi huo unabaki kwenye maandishi tu.

Kisha kuna muuguzi wa saratani, afisa ustawi wa jamii, na watu wa tiba shufaa, yaani wale wanaoshughulikia maumivu na raha ya mgonjwa, awe anapona au haponi. Binti aliposikia hao aliacha kuandika akauliza, "Na hao nao wana sauti?" Nilimwambia wanayo. Sikujua wakati ule kwamba ndio watakaobadilisha mambo ya mama yake.

Kikao chenyewe

Likizo ikaisha, nikarudi Moshi, na kesi ya mama ikaletwa nikiwa kwenye kiti changu cha nyuma. Kesi moja huchukua dakika kama 10 hivi. Daktari kijana anasoma historia, picha zinaonyeshwa ukutani, kisha kila mmoja anasema lake.

Daktari wa radiolojia ndiye wa kwanza kusimamisha mambo. Hospitali nyingine, kabla ya rufaa, ilikuwa imempima altrasaundi ya tumbo na kuandika kwamba kuna doa kwenye ini, "huenda saratani imesambaa". Jamani, sentensi hiyo moja ingekuwa kweli, kila kitu kingebadilika. Saratani ya titi iliyofika kwenye ini haitibiwi kwa lengo la kuiondoa yote. Lengo huwa ni kuidhibiti na kumpa mgonjwa muda mzuri, na kukata titi kunaweza kusiwe na faida. Lakini daktari huyu hakutaka karatasi, alitaka picha. Doa lilikuwa la mviringo, jeusi tupu ndani, lenye ukuta mwembamba, na nyuma yake picha ilikuwa nyeupe zaidi. Hiyo ndiyo sura ya maji. Akasema, "Nadhani hiki ni kifuko cha maji tu. Nileteeni nimpime mwenyewe." Alimpima siku chache baadaye, na ilikuwa maji kweli. Watu wengi huishi na vifuko hivyo bila kujua.

Wa pili alikuwa daktari wa patholojia, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa maana ndipo penye somo.

Saratani nyingi za titi zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Ni kama tundu la ufunguo kwenye chembe: homoni inaingia na kuiambia chembe ikue. Ikiwa vipokezi vipo, kuna kidonge cha tamoksifeni, miligramu 20, kimoja kwa siku, kinachoziba tundu hilo. Hunywewa baada ya dripu kumalizika, kwa miaka 5 au zaidi, nacho hupunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ikiwa vipokezi havipo, kidonge hicho hakimsaidii. Kwa hiyo neno "vipo" au "havipo" kwenye karatasi ya patholojia ni uamuzi wa miaka mitano ya maisha ya mtu.

Kinyama cha mama kilikuwa kimechukuliwa huko huko alikoanzia. Jibu la vipokezi lilikuwa: havipo. Daktari wa patholojia akasema, "Mimi jibu hili siliamini."

Akaeleza. Ndani ya kipande kile kile, pembeni ya saratani, mlikuwa na vifereji vya titi vya kawaida, visivyo na ugonjwa. Vifereji vya kawaida navyo vina vipokezi, kwa hiyo rangi ya kipimo inapaswa kushika angalau baadhi ya chembe zake. Havikushika hata kimoja. Kama rangi imekataa kushika hata pale tunapojua vipokezi vipo, basi kilichoshindwa ni kipimo, na saratani bado hatujaiuliza swali. Akafuatilia karatasi ya safari: kinyama kilikuwa kimewekwa kwenye chupa bila fomalini ya kutosha, kikakaa siku tatu njiani. Fomalini ndiyo inayozuia nyama isioze, na inatakiwa iwe nyingi, kama mara 10 ya ukubwa wa kipande, na kipande kiingie humo mapema iwezekanavyo. Kikichelewa, sura ya saratani inaweza kubaki ikaonekana, lakini vipokezi vinapotea.

Wangekuwa wanafanya kazi kila mmoja chumbani kwake, daktari wa dawa angepokea karatasi imeandikwa "havipo", akaendelea. Hangekuwa na sababu ya kuuliza. Kikaoni, aliyeona vifereji alikuwa ameketi viti viwili kutoka kwake.

Sindano ya pili

Uamuzi ukawa: achukuliwe kinyama upya. Siku hiyo hiyo simu yangu ikalia, ni binti. Alikuwa na hasira, na sikumlaumu.

"Dada, umetuambia kikao ni cha kupanga dawa. Sasa wanataka kumchoma tena! Mama anasema sindano ya kwanza ndiyo iliyouamsha uvimbe. Mjomba anasema tumrudishe nyumbani, kuna mzee Mlalo anatibu."

Nilimweleza habari ya vifereji kama nilivyowaeleza nyinyi. Kuhusu sindano kuuamsha ugonjwa, nilimwambia kwamba hofu hiyo nimeisikia kila wodi, na mara nyingi inatokana na jambo moja: watu huenda kupimwa uvimbe ukiwa tayari unakua haraka, kisha kukua kule kukahesabiwa kuwa ni kosa la sindano. Kuchoma sindano hakuifanyi saratani isambae. Kilichonipa nguvu ni swali lake mwenyewe: "Kwa hiyo kama vipo, kuna kidonge. Na tusipochoma, hatutajua kama anastahili kidonge?" Nikamwambia, hilo tu.

Aliongea na mama yake. Mama ndiye aliyekubali, kwa neno lake mwenyewe, si mjomba wala binti. Kikao hakiamui juu ya mwili wa mtu. Kinatoa ushauri, na mwenye mwili anaweza kusema ndiyo, hapana, au nipeni siku mbili nifikiri.

Safari hii vipande vinne viliingia kwenye fomalini pale pale kitandani, na saa ikaandikwa kwenye chupa. Jibu lilipotoka, vifereji vya kawaida vilikuwa vimeshika rangi, na chembe za saratani nazo zilikuwa zimeshika kwa wingi. Vipokezi vipo. Kipimo kingine kiitwacho HER2 kilikuwa hasi, maana yake dawa yake maalumu haikuhitajika.

Muuguzi aliposema

Kesi ikarudi kikaoni kwa mpango. Hapo ndipo nilipoona wataalamu wakipingana waziwazi. Karibu wote walitaka aanze na dripu, kisha upasuaji, kisha mionzi, kisha kidonge. Daktari mmoja wa upasuaji akapinga, na sababu yake haikuwa ya kitabuni. Alisema: "Dripu 8, kila moja baada ya siku 21, ni karibu miezi 6. Huyu anatoka juu ya Lukozi. Nimeona wanaotoka mbali: dripu ya tatu uvimbe unanywea, anajiona amepona, hatumwoni tena mpaka uvimbe umerudi. Bora nimkate sasa nikiwa naye."

Ukumbi ulikaa kimya, maana alisema kweli. Anayeacha dawa katikati huishia pabaya kuliko alikoanza.

Aliyejibu ni muuguzi wa saratani. Alikuwa ameshampigia binti simu na kuuliza maswali ambayo hakuna daktari aliyekuwa ameyauliza: nani yuko barabarani kati ya Mombo na Moshi? Ikapatikana kwamba dada mkubwa ameolewa Same, na basi la kutoka Same ni safari ya asubuhi tu. Mama angekaa huko miezi ya dripu. Afisa ustawi wa jamii akachukua suala la gharama na la mahali pa kulala Dar wakati wa mionzi ukifika. Daktari yule wa upasuaji akasema, "Kama anakaa Same, naondoa pingamizi."

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu saratani ya titi, na hakuna iliyonifundisha kwamba dada aliyeolewa Same anaweza kuwa sehemu ya matibabu.

Daktari wa dawa aliomba jambo moja kabla ya kuanza: kipimo cha eko cha moyo. Dripu za mwanzo zina doksorubisini, ile ambayo wagonjwa huiita dawa nyekundu, nayo inaweza kuudhoofisha moyo. Mama alikuwa na presha. Moyo ukaonekana uko sawa, wakaanza.

Yaliyofuata, na mipaka yake

Nywele zilianguka baada ya dripu ya kwanza. Dripu ya tano iliahirishwa wiki moja kwa sababu chembe nyeupe za damu zilishuka. Mkanda wa kupimia ulionyesha sentimita 7 zikawa 5, kisha 3, na mwisho kama 2. Ngozi ikalainika, tezi za kwapani zikaanza kusogea. Titi likatolewa katikati ya Agosti, na kidonda kikafunga. Daktari wa patholojia akapata saratani kwenye tezi 3 kati ya 12, kesi ikarudi kikaoni mara ya tatu, na mionzi ikathibitishwa: vipindi 15 kwa wiki tatu, Ocean Road. Baadaye akaanza kunywa kidonge chake kila siku baada ya chai. Hatuwezi kumwambia amepona kabisa. Tunaweza kumwambia kwamba leo hakuna dalili ya ugonjwa, na kwamba atapimwa kwa miaka.

Sitaki mfikiri kikao ni dawa ya kila kitu. Kikao huona kile tu kilicholetwa mezani. Kama picha zimeachwa nyumbani na imeletwa karatasi peke yake, daktari wa radiolojia hana la kuangalia. Kama kinyama kimepotea, watakaa, watainuka, na kesi itarudi wiki ijayo. Kusubiri nako kuna mpaka. Wiki mbili tatu za kupanga vizuri hazimdhuru mgonjwa ambaye uvimbe wake una miezi mingi, lakini zikigeuka miezi bila maelezo, mna haki ya kuuliza kulikoni. Na wapo wasiotakiwa kusubiri kikao hata siku moja: anayevuja damu bila kukoma, anayeshindwa kupumua, au mwenye saratani ambaye miguu imeanza kufa ganzi ghafla. Hao hutibiwa kwanza, kikao baadaye.

Basi, ukimsindikiza mama, dada au shoga yako kwenye kliniki ya saratani, beba picha zenyewe pamoja na karatasi zake. Kinyama kikichukuliwa, uliza kama kimewekwa kwenye fomalini na kinapelekwa wapi, na omba nakala ya jibu. Kabla ya kikao, muulize daktari: "Mnakwenda kuuliza swali gani kuhusu mgonjwa wetu?" Baada ya kikao, uliza limejibiwaje na kama limeandikwa kwenye faili. Mwambie muuguzi ukweli kuhusu nauli, umbali, na nani yuko nyumbani wa kumpikia uji, hata kama unaona haya. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka nini, kabla wajomba hatujakaa kikao chetu.

Mjomba wa Lukozi nilikutana naye baadaye Lushoto mjini siku ya soko. Aliniuliza jambo moja tu: kama binti wa mgonjwa naye, akiwa na miaka 31, aanze kupimwa. Nikamwambia ndiyo, aende kliniki achunguzwe titi, na aseme kwamba mama yake alipata saratani akiwa na 52. Aliandika namba hizo mbili nyuma ya risiti ya mbolea, akaiweka mfuko wa shati.